Ugonjwa unakulazimu kuhamia karibu na hospitali: utoe notisi, mkubaliane, au ulete mpangaji mwingine?

Umepanga nyumba Arua, mkataba ni wa mwaka mmoja, na miezi iliyobaki bado ni mingi. Daktari anakuambia kwamba figo zako zimeshindwa, na kuanzia sasa damu yako itasafishwa kwa mashine katika Hospitali ya Kiruddu, Kampala, mara mbili au tatu kila wiki, kwa muda wa takriban saa nne kila mara. Kutoka Arua hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 450. Hakuna mgonjwa wa figo anayeweza kuishi ndani ya basi namna hiyo. Akikosa zamu yake, maji hujaa mwilini, pumzi hubana, na chumvi ya potasiamu hupanda katika damu mpaka moyo ukawa hatarini. Kuhama hapo si jambo la kujadili. Linalobaki ni namna ya kuiacha nyumba bila kuacha deni nyuma yako.

Kuna njia tatu ambazo watu huzitumia. Ya kwanza ni kutoa notisi kama mkataba unavyosema na kuimaliza. Ya pili ni kukaa na mwenye nyumba, kuufunga mkataba kwa makubaliano na kuyaandika. Ya tatu ni kumleta mpangaji mwingine ashike nafasi yako. Zote ni halali, na zote nimeziona zikifaulu na zikiharibika. Kabla ya kuzilinganisha, kuna maswali mawili ambayo mtu aliyechanganyikiwa na habari za ugonjwa huyaruka, na kuyaruka humgharimu.

## Matibabu yatachukua muda gani?

Muulize daktari swali hili kabla hujamgusa mwenye nyumba. Magonjwa yanayompeleka mtu Kampala hayafanani kwa muda. Kusafisha damu kwa mashine hakuna tarehe ya mwisho. Ni kwa maisha yote, isipokuwa mgonjwa apate figo ya kupandikizwa, au figo zilikuwa zimeshtuka tu na zikarudi kazini. Mgonjwa wa namna hii kwa kweli anahama.

Tiba ya mionzi ni tofauti. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi akipangiwa mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, kwa kawaida huenda kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kama tano au zaidi kidogo, kisha hurudi nyumbani na kuitwa kwa uchunguzi mara moja moja. Siku za mionzi hazirukwi, maana tiba ikikatika katikati, nguvu yake hupungua. Lakini ina mwisho. Mtu wa aina hii akivunja mkataba wa mwaka kwa sababu ya wiki sita, atarudi Arua akiwa dhaifu na kuanza kutafuta nyumba upya, kwa dhamana mpya na kodi ya miezi kadhaa mbele. Huenda ikamfaa zaidi kuishikilia nyumba yake, ndugu wakabaki humo, naye akapanga chumba kidogo Kamwokya au Kyebando kwa muda huo. Hiyo si mojawapo ya njia tatu, lakini ipewe nafasi kwanza.

## Mkataba wako unasema nini?

Swali la pili liko kwenye karatasi. Utoe mkataba ulipouhifadhi, utafute sehemu inayozungumzia notisi au kusitisha upangaji, na uisome pamoja na mtu anayeelewa lugha iliyoandikwa, kwa kuwa mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza na wengi huisaini bila kuimaliza.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba wa upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 na zaidi uwe kwa maandishi au kwa ujumbe wa kielektroniki. Kwa hiyo hata mliyokubaliana kwa meseji za wasapu yana uzito. Usizifute.

Ukikuta kipengele cha notisi, una mlango wa kutokea. Ukikuta mkataba wa muda maalumu usio na kipengele hicho, mambo yanabadilika sana, na nitalirudia. Na kama hakuna muda uliowekwa, unalipa mwezi kwa mwezi, basi notisi ya siku 30 ndiyo kipimo cha kawaida. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi anaweza kuishia hapa: aandike notisi leo, amalize mwezi wake, aende zake. Ulinganisho unaofuata ni wa wale waliofungwa na muda mrefu zaidi.

Neno moja kuhusu ugonjwa wenyewe. Usiweke tegemeo kwamba barua ya daktari itavunja mkataba peke yake. Kinachoangaliwa kwanza ni mlichosaini. Barua ya hospitali kazi yake ni kumfanya mwenye nyumba aelewe kwamba hubahatishi wala humtoroki, na kazi hiyo huifanya vizuri sana.

## Vipimo vinne

Kila njia nitaipima kwa mambo manne: pesa unazopoteza na zile zinazorudi mkononi, muda, yaani lini deni la kodi linakoma, kazi inayomwangukia mgonjwa, pamoja na siri yake, na mwisho, nani inamfaa.

Mfano utakuwa mmoja, wa kutunga, ili hesabu zilingane. Mama Zaituni ni mshonaji Arua. Kodi yake ni shilingi 350,000 kwa mwezi. Mkataba ni wa mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Februari, analipa kila miezi mitatu, na aliweka dhamana ya mwezi mmoja, shilingi 350,000. Amelipa mpaka mwisho wa Julai. Mkataba wake una notisi ya miezi miwili. Tarehe 10 Juni anaambiwa aanze kusafishwa damu Kiruddu, na anataka kuhama tarehe 30 Juni. Mwanawe amepata chumba upande wa Salaama, si mbali na hospitali, kwa shilingi 250,000, lakini mwenye chumba anataka miezi mitatu mbele. Hiyo ni 750,000 taslimu, mwisho wa mwezi, mbali na nauli na dawa. Gharama za rangi na kitasa kilichoharibika nimeziweka kando, kwa sababu ni zilezile katika njia zote tatu.

## Njia ya kwanza: kutoa notisi na kuimaliza

Pesa. Mama Zaituni akitoa notisi tarehe 12 Juni, miezi miwili inaisha tarehe 12 Agosti. Julai ameshailipa, na hatakaa humo. Agosti inategemea mkataba: ukihesabu kwa siku, anadaiwa siku 12, karibu shilingi 135,500, ukihesabu mwezi mzima, anadaiwa 350,000. Mwenye nyumba akikubali kukata kwenye dhamana, katika hali ya kwanza atarudishiwa kama 214,500, na katika hali ya pili hatarudishiwa chochote. Aombe ruhusa hiyo kwa maandishi, maana mikataba mingi hukataza dhamana kuhesabiwa kuwa kodi, na mwenye nyumba anayo haki ya kukisimamia kipengele hicho.

Tazama pia tarehe. Hata zile 214,500 zikirudi, zinarudi katikati ya Agosti. Mama Zaituni anahitaji 750,000 mwisho wa Juni.

Muda. Deni linakoma kwa tarehe inayojulikana, na hakuna wa kulisogeza. Huo ndio uzuri wa njia hii. Siku huanza kuhesabiwa notisi ilipopokelewa, siyo ulipoiandika. Ipeleke nakala mbili, mwenye nyumba au msimamizi wake asaini moja na kuandika tarehe, ukae nayo. Akikataa kusaini, ipeleke mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani kiongozi wa kijiji au mtaa, na umtumie mwenye nyumba picha ya barua kwa simu siku hiyohiyo. Notisi nyingi huharibikia hapa. Mpangaji anamwambia msimamizi kwa mdomo langoni, msimamizi anasahau kumfikishia mwenye nyumba aliye Kampala au ng'ambo, na baada ya miezi miwili kila mmoja ana tarehe yake.

Kazi na siri. Ni njia nyepesi kuliko zote kwa mgonjwa. Barua moja, sahihi moja, basi. Huhitaji kueleza ugonjwa wako hata kwa neno moja, kwa sababu unatumia haki iliyomo kwenye mkataba na haki hiyo haiulizi sababu. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni wa aina ambayo majirani huupa majina, hili si jambo dogo.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye notisi fupi, ya mwezi mmoja au miwili, asiyebanwa na pesa za haraka, au ambaye uhusiano wake na mwenye nyumba umeharibika kiasi kwamba hataki mazungumzo. Asiye na kipengele cha notisi haimfai hata kidogo. Mama Zaituni angekuwa na mkataba wa mwaka usio na notisi, mwenye nyumba angeweza kudai kodi ya Agosti mpaka Januari, miezi sita, shilingi 2,100,000. Ni kweli kwamba mahakama haimtazami kwa jicho zuri mwenye nyumba anayeiacha nyumba tupu makusudi ilhali angeweza kumpata mpangaji mwingine, na kiasi hicho kinaweza kupungua. Lakini mgonjwa anayesubiri zamu ya mashine hapaswi kuipanga safari yake kwa kutegemea kushinda kesi.

## Njia ya pili: kufunga mkataba kwa makubaliano

Kwa wengi nawashauri waanze na mazungumzo, hata kama wataishia kwingine. Mwenye nyumba naye ana hesabu zake. Anaogopa nyumba kukaa tupu, anaogopa kuachiwa uharibifu, na zaidi ya yote anaogopa mpangaji mgonjwa atakayeshindwa kulipa akabaki ndani, kwa sababu kumtoa mtu kunataka amri ya mahakama. Mpangaji anayekuja mapema kusema ninahama, hizi hapa tarehe, amemwondolea hofu mbili kati ya tatu.

Pesa. Zinategemea mlivyokubaliana, na kuna nafasi pana ya kusogea. Mama Zaituni anaweza kupendekeza upangaji uishe tarehe 30 Juni, mwenye nyumba amrudishie kodi ya Julai, 350,000, na abaki na dhamana yote kama fidia ya mwezi wa kutafuta mtu mwingine. Au kinyume chake: Julai ibaki, dhamana irudi. Kwa hesabu ni sawa, lakini wenye nyumba wengi hukubali upesi zaidi ile ya pili, kwa kuwa kodi wameshaitumia kulipa ada za shule, na dhamana wanajua tangu mwanzo kwamba si mali yao.

Linganisha na notisi. Kwa notisi angepata 214,500 mwezi Agosti, au asipate kitu. Kwa makubaliano anapata 350,000 Juni, wakati chumba cha Salaama kinamsubiri. Hata mwenye nyumba akishikilia kwamba atatoa 250,000 tu lakini leo, bado zinazidi zile za Agosti, na zinakuja siku zinapohitajika. Mgonjwa asipime kiasi peke yake, apime na siku ya kukipata.

Muda. Unaweza kuwa wiki moja, unaweza kuwa mwezi. Hatari yake ni mazungumzo kuvutwa. "Nitakujibu Ijumaa" inakuwa Ijumaa ya wiki nyingine, na siku za notisi hazijaanza kuhesabiwa. Dawa yake ni kumpa mwenye nyumba notisi rasmi siku ileile unayomwomba makubaliano. Mkikubaliana, notisi inakufa. Msipokubaliana, hujapoteza siku. Mwambie wazi kwamba ndivyo ulivyofanya na kwa nini, asije akadhani unamtisha.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na wa heshima. Kwa mfano:

"Asalaam aleikum Hajati. Nimeandikiwa matibabu Kampala ambayo nitayafuata kila wiki bila kukosa, kwa hiyo nalazimika kuhamia karibu na hospitali. Ninaomba upangaji wetu uishe tarehe 30 Juni badala ya Januari. Kodi nimelipa hadi mwisho wa Julai. Ninapendekeza Julai ibaki kwako, nawe unirudishie dhamana tukishaikagua nyumba pamoja. Barua ya hospitali ninayo. Nimeleta pia notisi ya miezi miwili kama mkataba unavyotaka, ili nisivunje utaratibu tukiwa bado tunazungumza. Naomba nije tuongee siku utakayoona inafaa."

Ona kwamba umetaja tarehe, kiasi, na pendekezo moja. Ukimwandikia mwenye nyumba "naomba unisaidie" bila tarehe wala kiasi, atakuombea dua tu.

Kazi na siri. Hapa mgonjwa anatoa zaidi. Lazima aeleze kitu, na lazima mtu akae na mwenye nyumba. Lakini kueleza sio kuanika. Omba hospitali ikuandikie barua inayosema mambo matatu: kwamba unatibiwa pale, kwamba matibabu yanakutaka ufike mara kwa mara kuanzia tarehe fulani, na kwamba kwa sababu hiyo inashauriwa ukae karibu. Iwe na tarehe, mhuri na sahihi. Jina la ugonjwa halina haja ya kuwemo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa miongoni mwa taarifa zinazolindwa kwa namna ya pekee, na hospitali inaelewa ombi la barua ya aina hiyo. Onyesha barua halisi, mwachie nakala kama ni lazima. Kadi ya matibabu, majibu ya maabara na picha za eksirei visitoke mikononi mwako. Nimewahi kuona fomu ya maabara ya mgonjwa imebandikwa kwenye daftari la kodi la msimamizi, ambapo kila mpangaji aliyekuja kulipa aliisoma. Hakuna mtu anayestahili kufanyiwa hivyo.

Kama wewe mwenyewe huwezi kukaa na kuzungumza, mwandikie ndugu yako barua ya kumruhusu akuwakilishe, taja jina lake, nyumba, na anachoruhusiwa kukubali, kisha saini mbele ya mwenyekiti wa LC1 agonge mhuri. Usimpe ruhusa isiyo na mpaka. Andika: "anaweza kukubali fidia isiyozidi mwezi mmoja."

Makubaliano yakipatikana yaandikwe siku hiyohiyo, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Maneno kama haya yanatosha:

"Tumekubaliana kwamba upangaji ulioanza tarehe 1 Februari unaisha tarehe 30 Juni. Mpangaji amekabidhi funguo zote. Kodi ya Julai, shilingi 350,000, inabaki kwa mwenye nyumba kama fidia. Mwenye nyumba amerudisha dhamana ya shilingi 350,000 leo. Kuanzia leo hakuna anayemdai mwenzake kodi wala fidia kwa upangaji huu."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayokulinda. Bila hiyo, mtu anaweza kukurudishia dhamana leo na kukudai kodi ya miezi iliyobaki mwezi ujao. Pesa zipite kwenye simu au benki ili ziache alama. Zikitolewa mkononi, ziandikwe na zisainiwe.

Inamfaa nani. Mtu ambaye mkataba wake hauna notisi hana njia nyingine ya maana ya kuanzia. Inamfaa pia anayehitaji pesa zirudi haraka, na anayehama kabisa, kama mgonjwa wa figo. Haimfai ambaye mwenye nyumba wake hapatikani, au ambaye hataki hata kidogo ugonjwa wake ujulikane.

## Njia ya tatu: kumleta mpangaji mwingine

Pesa. Ikifaulu, ndiyo inayorudisha nyingi kuliko zote. Mpangaji mpya akiingia tarehe 1 Julai na kulipa, mwenye nyumba hana mwezi wa hasara, na Mama Zaituni anaweza kudai Julai na dhamana pia, jumla 700,000. Karibu kodi yote ya mwanzo ya Salaama. Lakini mpangaji mpya akichelewa mpaka tarehe 1 Agosti, Julai imeshakwenda, na linalobaki ni dhamana. Kama dalali ametumika, kubaliana mapema nani anamlipa. Mara nyingi ni yule anayeingia, ila msimwache dalali agundue hilo mwishoni na kuja kukudai wewe ukiwa wodini.

Muda. Hauko mikononi mwako. Nyumba nzuri iliyo karibu na soko inaweza kuondoka kwa siku chache. Nyumba ya pembeni, msimu ambao watu hawahami, inaweza kukaa. Jiwekee tarehe ya mwisho, na notisi iwe imeshatolewa nyuma yake.

Kazi na siri. Hapa ndipo njia hii inapomwelemea mgonjwa. Watu wanakuja kutazama nyumba asubuhi na jioni, wanapiga simu, wanauliza kwa nini unahama. Mtu anayerudi kutoka kwenye mashine akiwa hoi hana nguvu za kufungua mlango kwa wageni. Kama huna mtu wa kuifanya kazi hiyo kwa niaba yako, iache. Wanaouliza wajibiwe kwamba unahamia Kampala, inatosha.

Kuna mtego mmoja ambao sharti nieleze kwa kirefu, maana ndio unaowaumiza wengi. Kumleta mtu ashike nafasi yako kuna sura mbili zinazofanana kwa macho. Katika ya kwanza, mwenye nyumba anamkubali mpangaji mpya, anaandikiana naye mkataba wake, na wako unafungwa kwa karatasi kama ile niliyoonyesha juu. Wewe umetoka. Katika ya pili, mtu anaingia, anakupa wewe kodi au anampa msimamizi kwa jina lako, na mkataba wako unaendelea. Hapo hujatoka. Akishindwa kulipa Septemba, deni ni lako. Akivunja dirisha, ni lako. Na kama mkataba unakataza kupangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi, mwenye kosa ni wewe, hata kama mwenye nyumba alimwona mgeni wako kila siku akamsalimia.

Utajuaje uko katika sura ipi? Tazama risiti ya kodi ya kwanza aliyolipa mpangaji mpya. Ikiwa na jina lake, na wewe unayo karatasi ya kufunga mkataba, uko salama. Ikiwa bado ina jina lako, rudi kwa mwenye nyumba kabla hujapanda basi.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye ndugu au rafiki mwaminifu wa kusimamia, mwenye nyumba inayotafutwa, na mwenye muda mrefu uliobaki bila notisi, kwa sababu mwenye nyumba aliyekataa fidia ya mwezi mmoja mara nyingi hukubali akiona mpangaji mpya amesimama na pesa mkononi. Inamfaa sana mtu ambaye nyumba itachukuliwa na jamaa au mfanyakazi mwenzake, maana hapo hakuna kutafuta.

## Yanayobaki sawa kwa njia zote

Siku ya kukabidhi, kagueni nyumba pamoja, mpige picha kila chumba, mita ya umeme na mita ya maji namba zake zisomeke. Madai mengi dhidi ya dhamana huja wiki kadhaa baadaye, na mtu aliye Kampala hawezi kurudi kubishana juu ya ufa wa ukuta. Chukua pia barua ya mwenyekiti wa LC1 unakotoka. Mwenyekiti wa unakokwenda ataitaka, na kuifuata baadaye kutoka mbali ni usumbufu.

Dhamana ikizuiwa bila sababu, huna haja ya wakili. Utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu unapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10, ya kodi yakiwemo, na wakili hahitajiki. Unaanza kwa barua ya madai inayompa mwenye nyumba siku 14 za kulipa. Kwa dhamana ya 350,000 watu wengi humalizana hapo kwenye barua, au mbele ya mwenyekiti wa LC1, kabla ya kufika mahakamani.

## Kwa hali yako

Kama matibabu yana mwisho unaojulikana wa wiki chache, usivunje kwanza. Piga hesabu ya kushikilia nyumba kwa miezi hiyo dhidi ya dhamana na kodi ya mbele utakayolipa ukirudi.

Kama unahama kabisa, mkataba una notisi fupi, na hutaki mtu ajue unaumwa, toa notisi, uisainishe, uimalize, na uombe kwa maandishi dhamana ihesabiwe kwenye mwezi wa mwisho.

Kama unahama kabisa na kodi ya Kampala inakungoja wiki mbili zijazo, nenda kwa makubaliano ukiwa na notisi mfukoni, na uwe tayari kuacha kiasi ili kilichobaki kitoke sasa.

Kama mkataba hauna notisi na miezi iliyobaki ni mingi, anza na makubaliano. Yakikataliwa, mtafute mpangaji mwingine kwa mkono wa ndugu, na udai sura ile ya kwanza, ya mkataba mpya kwa jina lake.

Na kama umelazwa ghafla na huna nguvu za lolote kati ya haya, mambo mawili yafanyike leo na mtu wa nyumbani: notisi iandikwe na kupokelewa kwa sahihi, na barua ya uwakilishi isainiwe ukiwa bado unaweza kushika kalamu. Mengine yatamaliziwa na huyo uliyemwandikia.